Kuonyesha wakati katika Kivietinamu wakati wa kutafsiri kutoka Kiswahili

Kuonyesha wakati katika Kivietinamu ni suala la sarufi na tafsiri linalotokana na ukweli kwamba kitenzi cha Kivietinamu hakina njeo. Kitenzi hakibadiliki umbo kwa sababu ya wakati, nafsi wala ukanushi. Neno *đi* (kwenda) linabaki *đi*, iwe ni jana, leo au kesho, na iwe anayekwenda ni mmoja au ni watu mia. Katika Kiswahili mambo ni kinyume: kitenzi kimoja kama *hawajaenda* kinabeba ukanushi, nafsi, wingi na wakati pamoja.

Kwa hiyo anayetafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kivietinamu hana kiambishi cha kuweka mahali pa *-li-*, *-na-*, *-me-* au *-ta-*. Wakati unaonyeshwa kwa njia nyingine, na mara nyingi hauonyeshwi kabisa kwa sababu msomaji ameshauelewa. Makala hii inaeleza njia hizo, makosa yanayotokea mara nyingi na namna ya kuyatambua.

## Kivietinamu kinavyojenga wakati

Kivietinamu ni lugha ya jamii ya Kiaustroasia. Maneno yake hayapokei viambishi, na maana ya sentensi inategemea mpangilio wa maneno pamoja na maneno madogo yanayojitegemea. Wakati unaeleweka kwa mambo matatu.

La kwanza ni vielezi vya wakati, kama *hôm qua* (jana), *hôm nay* (leo), *ngày mai* (kesho), *năm ngoái* (mwaka jana), *trước đây* (hapo zamani, awali) na *bây giờ* (sasa). Kwa kawaida kielezi hukaa mwanzoni mwa sentensi. Kikishatajwa mara moja, sentensi zote zinazofuata husomwa ndani ya wakati huo mpaka kitajwe kingine.

La pili ni maneno madogo yanayowekwa kabla ya kitenzi. Yanayojulikana zaidi ni *đã*, *đang* na *sẽ*. Karibu nayo yako *sắp* (karibu itatokea), *vừa* na *mới* (sasa hivi tu), *từng* (kuwahi) na *thường* (kwa kawaida). Mwishoni mwa sentensi huweza kuja *rồi* (tayari) au *chưa* (bado).

La tatu ni muktadha. Mtu akisimulia jambo ambalo kila msikilizaji anajua kuwa limekwisha kutokea, haoni haja ya kulisema tena kwa neno la wakati.

Vitabu vya zamani vya sarufi vilivyofuata mfano wa lugha za Ulaya vilipanga *đã*, *đang* na *sẽ* kama wakati uliopita, uliopo na ujao. Mpango huo bado unafundishwa kwa wanaoanza kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Mwanaisimu Cao Xuân Hạo (1930–2007) aliupinga, akieleza kwamba maneno hayo hayaonyeshi njeo bali hali ya tendo, yaani kama tendo limetimia au linaendelea. Kwa mfasiri wa Kiswahili tofauti hiyo ina matokeo ya moja kwa moja, kama inavyoonekana hapa chini.

## Kosa la *đã*

Mwanafunzi anayefundishwa kwamba *đã* ni wakati uliopita huweka *đã* kila anapoona *-li-*. Sentensi zake zinaeleweka, lakini humchosha Mvietinamu, kana kwamba mtu anasema "tayari" kabla ya kila kitenzi.

Ukweli ni kwamba *đã* iko karibu zaidi na *-mesha-* kuliko *-li-*. Inaeleza kwamba tendo limekwisha kutimia kabla ya wakati fulani unaozungumzwa, na wakati huo waweza kuwa uliopita, wa sasa au hata ujao:

* *Khi tôi đến thì xe đã chạy rồi.* – Nilipofika, basi lilikuwa limeshaondoka.
* *Ngày mai, lúc anh đến thì tôi đã đi rồi.* – Kesho utakapofika, nitakuwa nimeshaondoka.

Katika sentensi ya pili jambo halijatokea bado, na *đã* imetumika bila kosa. Kama *đã* ingekuwa alama ya wakati uliopita, sentensi hiyo isingewezekana.

Tatizo hili huonekana zaidi katika masimulizi. Kiswahili kina *-ka-* ya mfuatano: tendo la kwanza huchukua *-li-*, na yanayofuata huchukua *-ka-*. Tuchukue mfano huu:

: *Jana baba aliamka, akaosha uso, akanywa chai, akaenda kazini.*
: *Hôm qua bố dậy, rửa mặt, uống trà rồi đi làm.*

Katika Kivietinamu kuna vitenzi vinne mfululizo bila *đã* hata moja. *Hôm qua* imeshaweka wakati, na mpangilio wa vitenzi ndio mpangilio wa matendo. Neno *rồi* hapa liko kati ya vitenzi, nalo lina maana ya "kisha", si "tayari". Anayeandika *bố đã dậy, đã rửa mặt, đã uống trà, đã đi làm* amegeuza kisa kuwa orodha ya kazi zilizokamilishwa, kama mtu anayejitetea kwamba kila alichoagizwa amekifanya.

Kipimo chepesi ni hiki: rudi kwenye sentensi ya Kiswahili na ujaribu kuweka *-mesha-* au *alikuwa ameshafanya* mahali pa *-li-*. Ikikubali bila kubadili maana, *đã* inafaa. Ikikataa, acha kitenzi peke yake. Ifahamike hata hivyo kwamba lugha ya magazeti na taarifa rasmi hutumia *đã* kwa wingi kuliko mazungumzo na hadithi, na mfasiri wa habari hatakosea akifuata desturi hiyo.

## *-li-* isiyo na kielezi

Kuondoa *đã* hakumalizi kazi. Katika Kiswahili *-li-* yenyewe inatosha kusema jambo limepita. Katika Kivietinamu kitenzi kilichoachwa peke yake huweza kusomwa kama jambo la sasa. Linganisha:

* *Bố tôi làm ở cảng.* – Baba yangu anafanya kazi bandarini.
* *Trước đây bố tôi làm ở cảng.* – Baba yangu alifanya kazi bandarini (hapo awali).

Mfasiri akiacha *trước đây*, baba aliyestaafu, au aliyekwisha kufariki, anarudishwa kazini. Basi mahali ambapo matini ya Kiswahili haina kielezi, mfasiri analazimika kukiongeza: *trước đây* (hapo awali), *hồi đó* (enzi zile), *hôm ấy* (siku ile) au *ngày xưa* (hapo kale). Huku si kuongeza jambo jipya. Ni kuitoa *-li-* ndani ya kitenzi na kuipa neno lake. Kinachotakiwa ni kuchagua neno lisilodai zaidi ya lile la asili. Kama Kiswahili hakisemi ni siku gani, *hôm qua* (jana) itakuwa uzushi, lakini *trước đây* haitadai chochote kisichokuwamo.

Maswali yana njia yake ya pekee. *Bao giờ* (lini) ikikaa mwanzoni, swali ni la wakati ujao. Ikikaa mwishoni, ni la wakati uliopita:

* *Bao giờ chị về?* – Utarudi lini, dada?
* *Chị về bao giờ?* – Ulirudi lini, dada?

Maneno ni yaleyale matatu. Kinachobadilisha wakati ni mahali pa *bao giờ* tu. Mfasiri aliyezoea kwamba "lini" ya Kiswahili huweza kuhamahama bila madhara anapaswa kuwa mwangalifu hapa.

## *-me-* ya tendo na *-me-* ya hali

Kiambishi *-me-* kina sura mbili ambazo msemaji wa Kiswahili hazitofautishi kwa umbo. Katika *amefika*, kinataja tendo lililotimia. Katika *amesimama*, *amekaa*, *amelala* na *amevaa*, mara nyingi kinataja hali ambayo mtu yumo wakati huohuo. Ukisema "mtoto amelala", huna habari na dakika aliyopitiwa na usingizi. Unasema yuko usingizini sasa.

Kivietinamu kinatenganisha sura hizi. Tendo lililotimia huchukua *đã* au *rồi*, au zote mbili. Hali inayoendelea huchukua *đang*, neno lilelile linalotumika kwa *-na-* ya tendo linaloendelea:

* *Khách đến rồi.* – Mgeni amefika.
* *Em bé đang ngủ.* – Mtoto amelala.
* *Cô ấy đang đứng ở cửa.* – Amesimama mlangoni.

Anayeandika *cô ấy đã đứng ở cửa* kwa maana ya "amesimama mlangoni" humfanya msomaji adhani kwamba mwanamke huyo alisimama pale wakati fulani, na pengine hayupo tena. Njia ya kujua ni kujiuliza: je, sentensi ya Kiswahili inajibu swali "nini kimetokea?" au swali "yuko katika hali gani?" Jibu la kwanza linaelekea kwenye *rồi*, la pili kwenye *đang*. Zipo pia hali zinazotajwa kwa neno la sifa tu, kwa mfano *nimechoka*, ambayo ni *tôi mệt*, au *tôi mệt rồi* kama msemaji anataka kuonyesha kwamba uchovu umeshamfika.

Vilevile *đang* haimaanishi "sasa". *Nilipofika, bibi alikuwa akipika* ni *Lúc tôi đến, bà đang nấu cơm*. Tendo limepita, lakini lilikuwa likiendelea, na hilo ndilo *đang* inalolisema. Miundo ya Kiswahili yenye vitenzi viwili, *alikuwa akipika* au *alikuwa anapika*, inahitaji *đang* moja tu, kwa kuwa kishazi cha *lúc* (wakati ambapo) kimeshaweka wakati.

## *-na-*, *hu-* na *-ta-*

Si kila *-na-* ni *đang*. Vitenzi vya kujua, kupenda na kuwa na kitu havipokei *đang* kwa kawaida: *ninajua* ni *tôi biết*, na *ninapenda* ni *tôi thích*. *Đang biết* ni kosa ambalo Mvietinamu hulitambua mara moja. Kadhalika *-na-* ya jambo la kawaida, kama *anafundisha shule ya msingi*, haihitaji alama. Ukiongeza *đang*, unaelekeza kwamba yumo katika kazi hiyo kwa wakati huu tu.

*Hu-* ya mazoea hutafsiriwa kwa *thường*: *Asubuhi bibi hunywa chai* ni *Buổi sáng bà thường uống trà*.

*-Ta-* inalingana na *sẽ*, lakini kielezi cha wakati ujao kikiwapo, *sẽ* huachwa mara nyingi: *Kesho nitakwenda Huế* ni *Mai tôi đi Huế*. *Sẽ* ikiwekwa huongeza uzito wa ahadi, mpango au utabiri. Jambo lililo karibu sana kutokea lina neno lake, *sắp*. Kiswahili husema "mvua inataka kunyesha", na Kivietinamu husema *trời sắp mưa*. Kuweka *sẽ* hapo kungeahirisha mvua hadi baadaye.

## Ukanushi: *hakuja* na *hajaja*

Hapa lugha hizi mbili zinakutana kwa namna ya kupendeza. Kiswahili hutofautisha ukanushi wa jambo lililopita na ukanushi wa jambo ambalo bado linaweza kutokea. Kivietinamu nacho hufanya hivyo, kwa maneno mawili:

* *Anh ấy không đến.* – Hakuja.
* *Anh ấy chưa đến.* – Hajaja.

*Không* inafunga mlango, *chưa* inauacha wazi. *Không* pia hutumika kwa *haji* na *hatakuja*, hivyo wakati wake unategemea kielezi, lakini *chưa* daima ina maana ya "mpaka wakati unaozungumzwa, bado".

Kwa sababu hiyo, kubadilisha moja kwa nyingine ni kosa la maana, si la mtindo. *Mgonjwa hajanywa dawa* ni *bệnh nhân chưa uống thuốc*: dawa inasubiriwa. Ikiandikwa *bệnh nhân không uống thuốc*, anayesoma ataelewa kwamba mgonjwa hanywi dawa au amekataa, na atachukua hatua nyingine kabisa. Vivyo hivyo *hajaolewa* ni *chưa lấy chồng*, ilhali *không lấy chồng* inasema kwamba haolewi.

Swali la *-me-* na jibu lake navyo vinalingana vizuri. *Umekula?* ni *Anh ăn cơm chưa?*, yaani neno la "bado" limewekwa mwishoni na kugeuza sentensi kuwa swali. Majibu ni *Rồi* (tayari, nimekula) au *Chưa* (bado). Kama vile Mswahili anavyojibu "bado" na si "hapana" akiulizwa kama ameoa, Mvietinamu naye hujibu *chưa*. *Không* ingesikika kama jibu la mkato.

Tahadhari moja: "bado" ya Kiswahili ina kazi mbili. Katika *bado hajafika*, ni *chưa*, au *vẫn chưa* kama inatiliwa mkazo. Katika *bado anafanya kazi*, ni *vẫn*: *anh ấy vẫn làm việc*. Anayeweka *chưa* mahali pa *vẫn* atasema kwamba mtu hajaanza kazi, badala ya kusema kwamba angali kazini.

## *-ki-* na *-nge-*

*-Ki-* ya sharti hujengwa kwa *nếu … thì* (kama … basi): *Mvua ikinyesha, sitakwenda* ni *Nếu trời mưa thì tôi không đi*. *-Ta-* ya upande wa pili haihitaji *sẽ*.

Sharti lisilowezekana tena, ambalo Kiswahili hulionyesha kwa *-ngali-*, hutumia *nếu* ileile, lakini upande wa matokeo hupata *đã* na *rồi*: *Ungaliniambia, ningalikuja* ni *Nếu anh bảo tôi thì tôi đã đến rồi*. Hapa *đã* haisemi kwamba msemaji alifika. Inasema kwamba tendo lingekuwa limekwisha kutimia, kama sharti lingetimia. *Đã* ikiachwa, sentensi inakuwa ya matumaini: "ukiniambia, nitakuja". Hapa basi ni mahali ambapo *đã* haiachwi.

## Mfano wa matini kamili

Matini fupi ifuatayo imetungwa ili kuonyesha njia hizo zikifanya kazi pamoja.

: *Jana saa mbili asubuhi Asha alifika kituoni. Basi lake lilikuwa limeshaondoka. Akakaa akasubiri, akanunua chai, akanywa. Mzee mmoja alikuwa amelala kwenye benchi. Alipoamka, Asha akamwuliza: "Babu, basi linalofuata limefika?" Mzee akajibu: "Bado. Litafika saa nne."*

: *Tám giờ sáng hôm qua, Asha đến bến xe. Chuyến xe của cô đã chạy rồi. Cô ngồi đợi, mua trà uống. Một ông cụ đang ngủ trên ghế. Lúc ông dậy, Asha hỏi: "Ông ơi, chuyến sau đến chưa ạ?" Ông cụ đáp: "Chưa. Mười giờ mới đến."*

Katika sentensi ya kwanza *alifika* ni *đến* bila alama, kwa sababu *hôm qua* ipo. Saa mbili asubuhi imekuwa saa nane (*tám giờ sáng*), kwa kuwa Wavietinamu hawahesabu saa kuanzia macheo kama Waswahili. Sentensi ya pili ndiyo pekee yenye *đã*, kwa sababu ndiyo pekee inayozungumzia jambo lililotimia kabla ya wakati wa kisa. *-Ka-* zote zimekuwa vitenzi vitupu vinavyofuatana. *Alikuwa amelala* imepata *đang* kwa kuwa ni hali, si tendo. Swali la *limefika* limejengwa kwa *chưa*, na jibu ni *chưa* hiyohiyo.

Sentensi ya mwisho inastahili kuangaliwa zaidi. *Litafika* imetafsiriwa bila *sẽ*. Badala yake kuna *mới*, ambayo ikifuata kielezi cha wakati ina maana ya "ndipo", yaani si kabla ya hapo: saa nne ndipo litakapofika. *Sẽ đến lúc mười giờ* si kosa la sarufi, lakini inasikika kama ratiba inayosomwa, wakati mzee anamwambia Asha kwamba ana muda mrefu wa kungoja. *Mới* ikikosa kielezi mbele yake hurudia maana yake nyingine: *xe mới đến* ni "basi limefika sasa hivi".

## Alama za toni

Maneno madogo ya wakati ni mafupi, na yakipoteza alama zake hugeuka maneno mengine. *Đã* ikiandikwa *đá* inakuwa jiwe, barafu au kupiga teke. *Chưa* ikiandikwa *chua* inakuwa uchachu, na *chùa* ni hekalu la Wabudha. *Mới* ikiandikwa *mời* ni kukaribisha. Mfasiri anayechapa bila kibodi ya Kivietinamu anaweza kuwa amechagua neno sahihi la wakati na bado asomwe vibaya, hivyo maneno haya ndiyo ya kwanza kukaguliwa matini inapohaririwa.